BARUA YA KUOMBA KULIPA DENI LA ADA KWA MAFUNGU

Barua za maombi tumefundishwa darasani, lakini hii sikuifahamu mpaka likizo ya Agosti, dada yangu alipoifungua tovuti ya wanafunzi ya chuo chake. Mahali pa matokeo yake ya mwaka wa pili paliandikwa deni tu: Sh. 600,000.

Usiku ule dada aliandika kurasa mbili za kilio. Karani wa ofisi ya fedha akamjibu kwa maneno machache: "Hujasema utalipa lini." Kusema kweli, karani hakukosea. Mhasibu hawezi kuitia huruma kitabuni; anataka kiasi na tarehe.

Basi tukaanza upya, mimi nikiwa mwandishi. Kwanza tulizihesabu stakabadhi za benki, kwa maana huenda malipo yakawa yamefika na yasiandikwe. Ada ilikuwa Sh. 1,300,000, naye alikwisha kulipa 700,000. Deni lilikuwa sahihi. Kisha tukamwuliza baba fedha zitaingia lini. Mimi nilitaka kuandika mafungu matatu yaliyo sawa, maana yapendeza machoni. Baba akakataa: Agosti hana kitu, kahawa hulipwa Oktoba. Fungu moja likikosa siku yake, mapatano yote huvunjika.

Tuliandika hivi:

"Yah: Ombi la kulipa deni la ada kwa mafungu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili, na namba yangu ya usajili imeandikwa hapo juu. Nakiri kudaiwa Sh. 600,000. Naomba kulipa 100,000 leo, 150,000 tarehe 31 Agosti, na 350,000 tarehe 15 Oktoba, baada ya baba kulipwa kahawa. Naomba nifunguliwe matokeo baada ya fungu la kwanza, kwani mitihani ya marudio ni mwezi wa Septemba, nami sijui kama nina somo la kurudia. Nakala za stakabadhi zimeambatishwa."

Angalieni kwamba hakuomba cheti wala hati rasmi ya matokeo. Hivyo chuo huweza kuvishikilia mpaka deni liishe. Yeye aliomba kuona alama tu, na ombi dogo kama hilo ni rahisi kukubaliwa. Nakala alimpelekea afisa wa mitihani, kwa kuwa mhasibu hukubali malipo, lakini matokeo huenda yakafunguliwa na ofisi nyingine. Nakala yake mwenyewe akaigongesha mhuri wa kupokelewa.

Siku ya nne wakajibu: wamekubali, ila fungu la kwanza liwe 200,000, na la pili lipungue liwe 50,000. Baba akauza mbuzi wawili. Dada akatia sahihi hati ya mapatano, na kesho yake matokeo yakafunguka. Alikuwa ameanguka somo moja, takwimu, na mtihani wa marudio ulibakiza siku kumi na tisa.

Jioni ile ile akaniomba nimwazime rula.