Mdogo wangu, Desemba usiifute

Barua ya wiki hii imetoka Olasiti, kwa binti anayeshika vitabu kwenye kampuni ndogo ya safari. Nafupisha: ripoti ya Desemba ilionyesha mauzo ya shilingi 42,000,000 na faida ya 8,000,000. Mwezi wa nne umefika, wateja wamerudishiwa pesa, na kila marejesho yakitoka yeye hufungua faili la Desemba akapunguza. Sasa ana Desemba tatu kwenye kompyuta. Bosi ana moja, benki wanayoiomba mkopo wa Landcruiser wana nyingine, naye hajui aitetee ipi. Anauliza: "Dada, nirekebishe ya zamani au niache?"

Mdogo wangu, kwanza acha kufungua hilo faili. Ripoti iliyokwisha kutoka mkononi mwako inabaki ilivyo, hata kama ina kosa. Kama kuna haja ya kubadilisha, unatoa nyingine yenye tarehe yake, na ile ya kwanza inabaki kwenye jalada ili mtu aone kilichobadilika.

Sasa tuje kwenye pesa zenyewe. Umeniandikia mambo matatu kama vile yote ni "marejesho", na hapo ndipo ulipojichanganya. Kila moja liulize swali hili: Desemba ilipoisha, jambo hili lilikuwa tayari lipo, na ningeweza kulijua kabla sijafunga ripoti? Kama lilikuwepo na ungeweza kulijua, ni la Desemba. Kama limezaliwa au limejulikana baadaye, ni la mwezi lilipozaliwa au lilipojulikana, na Desemba haikukosea chochote.

Tuanze na lile kubwa. Mteja alilipa 3,200,000 mwezi wa Desemba kwa safari ya Ndutu ya mwezi wa pili, wakati nyumbu wanazaa. Akaahirisha, mwisho akavunja kabisa, mkamrudishia Aprili. Ukiangalia haraka utasema hilo ni la Aprili, maana pesa imetoka Aprili. Lakini wewe uliiandika kama mauzo ya Desemba, na Desemba hamkumpeleka mtu yeyote Ndutu. Ile ilikuwa pesa ya mteja iliyokaa kwenu, yaani deni, mpaka siku gari litakapoondoka. Kwa hiyo kosa lipo Desemba, na lingekuwepo hata kama angesafiri bila tatizo. Marejesho yamelifichua tu. Ingeandikwa kama malipo ya awali, Aprili ungelipa deni likaisha bila kugusa mauzo ya mwezi wowote.

Na hapa wengi huishia nusu. Wanatoa mauzo, wanasahau gharama iliyoandamana nayo. Umeandika kwamba Desemba hiyohiyo mliilipa kambi ya Ndutu 1,500,000 kushika nafasi, ukaiweka kwenye matumizi. Nayo haikuwa matumizi ya Desemba, ilikuwa malipo mliyotanguliza. Itoe pia. Kama kambi imegoma kurudisha, hasara hiyo ni ya mwezi safari ilipovunjika.

La pili ni 1,100,000 za yule ambaye gari lilimharibikia Seronera akapoteza siku nzima. Pesa mlimpa Machi. Ungeniambia malalamiko yalikuja Machi, ningekuambia punguza mauzo ya Machi, Desemba iache. Ila umesema barua pepe yake iliingia tarehe 5 Januari, bosi akamjibu kwamba atafidiwa, na wewe ulifunga ripoti tarehe 15. Gari liliharibika Desemba na ahadi ilikuwa mezani kabla hujafunga. Hilo ni la Desemba. Nakushauri kabla ya kufunga mwezi uwaulize bosi na madereva swali moja: kuna mteja analalamika? Mara nyingi mhasibu ndiye wa mwisho kujua.

La tatu ni dizeli ya 450,000 uliyoiandika 540,000. Ni kosa, sawa, lakini 90,000 kwenye faida ya milioni nane haimbadilishii mtu uamuzi. Ingekuwa peke yake, ningekuambia irekebishe Aprili, andika sababu, endelea na kazi.

Basi tupige hesabu. Mauzo 42,000,000, toa 3,200,000, toa 1,100,000, yanabaki 37,700,000. Matumizi yalikuwa 34,000,000, toa 1,500,000 ya kambi, na kwa kuwa ripoti tunaitoa upya hata hivyo, toa na zile 90,000. Yanabaki 32,410,000. Faida ni 5,290,000, siyo milioni nane. Imepungua kwa theluthi, na kuna benki inapima kwa karatasi hiyo kama mnaweza kubeba mkopo. Hapo hakuna mjadala, ripoti inatolewa upya. Wakaguzi wengi huanzia kwenye asilimia 5 ya faida kabla ya kodi kama kipimo cha kosa kubwa, ila kumbuka ni pa kuanzia tu. Kosa dogo linaloigeuza hasara kuwa faida ni kubwa.

Wenye umri wangu mjini hapa tulilijifunza swali hili mwaka 2020. Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa tarehe 16 Machi, hapahapa Arusha, na tarehe 12 Aprili ndege za abiria za kimataifa zikasimamishwa. Waliolipa mwaka 2019 kwa safari za 2020 walitaka pesa zao. Je, vitabu vya 2019 vifunguliwe? Kwa sababu ya korona, hapana. Tarehe 31 Desemba 2019 hakuna mtalii aliyekuwa amezuiwa kuja Tanzania. Ila aliyekuwa ameziandika amana zile kama mauzo alikuwa na kosa la 2019, korona au bila korona.

Tahadhari moja ya kodi, kwa kuwa umesema mmesajiliwa VAT. Huko kanuni ni nyingine. VAT inadaiwa kwa kinachotangulia kati ya ankara, malipo na huduma, kwa hiyo zile 3,200,000 zilistahili kuwa kwenye ritani ya Desemba ingawa kwenye vitabu si mauzo. Ritani ile iache. Safari ilipovunjika unatoa kredit noti, na unapunguza kwenye ritani ya mwezi huo. Ritani ya zamani unaomba TRA kuirekebisha pale tu ulipojaza vibaya tangu mwanzo. Na risiti ya EFD ikishatoka haifutwi, kwa hiyo usihangaike nayo.

Ripoti mpya ipe safu tatu: ilivyokuwa, badiliko, ilivyo sasa. Kila badiliko liwe na sentensi moja ya sababu. Juu andika "Imerekebishwa" na tarehe. Halafu rekebisha mizania za Januari hadi Machi, maana 3,200,000 zilipaswa kuonekana humo kama deni, na 1,100,000 pia mpaka zilipolipwa. Kama hesabu za mwaka zimeshasainiwa na mkaguzi, usiziguse mwenyewe. Mpigie. Kwa viwango vya kimataifa ambavyo NBAA wanavifuata hapa nchini, kosa kubwa la mwaka uliopita hurekebishwa kwenye hesabu zinazofuata, takwimu za mwaka wa nyuma zikiandikwa upya na kuelezwa.

Bosi atasema benki wasiambiwe mpaka mkopo utoke. Mwambie afisa mikopo ataomba taarifa ya akaunti, ataziona 3,200,000 zikitoka Aprili, na atauliza ziliingia kama nini. Apeleke ripoti mwenyewe, wiki hii.