Dola ya Noti na Dola ya Waya

Mwezi uliopita mjomba aliniachia dola 500 za ada: noti tatu za mia na kumi za ishirini. Nikaenda benki pale Singida mjini. Ubao ulikuwa na safu mbili, CASH na TT, yaani noti na uhamisho wa kielektroniki. Tuchukue namba za mfano: TT benki inanunua kwa 2,600 na kuuza kwa 2,660, noti inanunua kwa 2,550 na kuuza kwa 2,710. Tena za ishirini zikapangiwa 2,450. Nikapata 1,255,000 badala ya 1,300,000. Nikajua nimepigwa.

Keshia hakukasirika. "Mdogo wangu, hizi karatasi mimi nazifanyia nini hapa Singida?"

Swali lake ndilo jibu. Dola ya TT haisafiri. Inaingia kwenye akaunti ambayo benki yetu inayo kwenye benki ya nje, na siku hiyohiyo inaweza kuuzwa kwa mfanyabiashara anayelipia mzigo China. Noti inahesabiwa, inakaguliwa kama ni bandia, inalala kwenye kasha bila kuzaa riba, kisha inasindikizwa na askari, ikiwa na bima, kama kilomita 700 hadi Dar es Salaam. Zikizidi huko, zinapandishwa ndege kurudishwa nje. Noti mia za ishirini zina kazi ya kuhesabu na kubeba mara tano ya noti ishirini za mia, na thamani ni ileile. Zile za zamani za kichwa kidogo wengi hawazitaki kabisa, ingawa Marekani bado ni fedha halali.

Ukitaka kununua noti, gharama hizo zinageuka upande: benki lazima iwe imezitafuta na kuzihifadhi kabla hujafika. Ndiyo maana pengo la noti ni shilingi 160, la TT 60.

Nikajaribu ujanja: niweke noti kwenye akaunti ya dola, halafu nibadilishe kwa bei ya TT. Akacheka. Kuweka noti kuna makato yake, kwa sababu karatasi bado ni zilezile.

Basi nimwambie mjomba atume kwa benki? Hapa wengi tunakosea hesabu. Tuseme benki za njiani zinakata dola 15. Zinafika 485, sawa na 1,261,000. Zingekuwa noti za mia tupu ningepata 1,275,000, kwa hiyo noti ingeshinda! Makato ya dola 15 ni shilingi 39,000. Gawanya kwa tofauti ya 50 kwa kila dola, unapata 780. Chini ya dola 780, kwa bei hizi, lete mia safi. Juu ya hapo, tuma.

Mjomba nimemwambia za ishirini azitumie hukohuko.