Dondoo muhimu: Kupanga vikao sambamba bila mada kugongana

Vikao sambamba ni vile vinavyoendeshwa wakati mmoja katika kumbi tofauti. Ufuatao ni mfano wa kubuni wa mkutano wa kahawa huko Lyamungu, Machame, wenye washiriki 90.

• Kuhesabu jozi. Fomu ya kujiandikisha imtake kila mshiriki ataje mada tano anazozitaka, kisha ihesabiwe ni wangapi waliochagua kila mada mbili kwa pamoja. Ikiwa 40 wanataka chulebuni na pia umwagiliaji wa mifongo, ilhali 5 tu wanataka chulebuni na mnada wa Moshi, basi chulebuni iwekwe wakati mmoja na mnada, hata kama mada hizo mbili ndizo zenye wasikilizaji wengi zaidi.

• Kuanza na jozi nzito. Jozi zilizochaguliwa na wengi zitenganishwe kwanza, ndipo ukumbi mkubwa upewe mada iliyochaguliwa zaidi; jozi isiyotenganishika, mada yake moja irudiwe siku ya pili.

• Ratiba binafsi. Vikao sambamba vyote vianze na kumalizika pamoja, kukiwa na dakika 15 kabla ya vinavyofuata, na msemaji asipofika nafasi yake ibaki wazi, kwani kumsogeza anayefuata huvuruga ratiba ya aliyepanga kuhama ukumbi.