Kusoma na Kuchora Mchoro wa Mfumo wa Wingu

Mchoro wa mfumo wa wingu hujibu maswali mawili: kila sehemu ya mfumo imekaa wapi, na sehemu ipi huanza kuiita nyingine. La kwanza hujibiwa na masanduku yaliyomo ndani ya masanduku, la pili hujibiwa na mishale.

Alama zinazotumika sana ni chache. Umbo la wingu ni intaneti. Pipa lililosimama ni hifadhidata. Mstatili ni seva, na mstatili mkubwa wenye mpaka wa nukta nukta kwa kawaida ni mpaka wa mtandao au wa eneo. Kampuni kama Amazon, Microsoft na Google zina picha zao rasmi, kila moja na zake, lakini katika karatasi ya mtihani kuziiga ni kupoteza muda. Umbo la kawaida lenye jina lililoandikwa wazi linatosha. Mshale huelekea kule ombi linakokwenda. Majibu hurudi njia ileile na hayachorewi mshale wake.

Chukua mfano wa swali: wanunuzi wa dagaa walioko Ujiji na Kigoma mjini wanataka kuona kwenye simu bei za mwalo wa Kibirizi, na karani wa mwalo hupiga picha za stakabadhi na kuzihifadhi. Mfumo usizimike eneo moja la vituo vya data likipata hitilafu. Chora.

Kazi huanzia nje kuingia ndani. Sanduku la kwanza ni kanda, yaani mahali vituo vya data vilipo. Kanda ya Amazon iliyoko Cape Town, inayoandikwa `af-south-1`, ilifunguliwa mwaka 2020 na ina maeneo matatu yanayojitegemea. Kwa swali hili mawili yanatosha. Ndani ya kanda huchorwa mtandao binafsi, na anwani zake huandikwa pembeni, kwa mfano `10.0.0.0/16`. Ndani ya mtandao huo huchorwa maeneo mawili, A na B, yakiwa sambamba. Kila eneo hugawanywa sehemu mbili: ya juu inafikika kutoka intaneti, ya chini haifikiki.

Sasa vinawekwa vitu. Kisawazisha mzigo, kinachogawa maombi kati ya seva, huchorwa kikivuka sehemu za juu za maeneo yote mawili. Kikichorwa ndani ya A peke yake, mchoro unadai kwamba A ikianguka kila kitu kinaanguka, hata kama maelezo yanasema vingine. Seva moja huwekwa sehemu ya chini ya A na nyingine ya chini ya B. Hifadhidata kuu huwa chini ya A, na nakala yake chini ya B.

Ghala la picha za stakabadhi ndilo huwakosesha wengi. Ghala la faili la aina ya S3 ni huduma ya kanda nzima, kwa hiyo hukaa ndani ya sanduku la kanda lakini nje ya mtandao binafsi. Kulitia ndani ya sehemu ya seva ni kosa ambalo mtahini huliona mara moja.

Mishale huja mwisho. Mmoja hutoka simu ya mnunuzi, hupitia wingu la intaneti na kufika kwenye kisawazisha mzigo, na juu yake huandikwa `HTTPS 443`. Miwili hutoka hapo kwenda kwenye seva. Kila seva hutoa mshale kwenda hifadhidata kuu, ulioandikwa `5432` kama hifadhidata ni PostgreSQL, na mwingine kwenda ghala la picha. Kati ya hifadhidata kuu na nakala hupita mstari wa nukta nukta unaomaanisha data kunakiliwa. Kwa kuwa mstari huo hauna maana moja duniani kote, ufunguo wa alama uandikwe kwenye kona. Mshale unaotoka intaneti moja kwa moja hadi kwenye pipa la hifadhidata unaonyesha kwamba data imeachwa wazi, na mara nyingi ndio unaogharimu alama nyingi zaidi.

Mchoro hukaguliwa kwa kufunika eneo A kwa kiganja. Njia kutoka simu kupitia kisawazisha mzigo hadi seva ya B na nakala ya hifadhidata lazima ibaki ikifuatika. Mshale wa seva ya B kwenda nakala haukuchorwa, kwa kuwa hutumika wakati wa hitilafu tu. Kwa hiyo chini ya mchoro huongezwa sentensi moja: A ikianguka, nakala ya B hupandishwa kuwa hifadhidata kuu, na seva ya B huielekea.