SOMO: KUMWARIFU MENEJA UNAPOHARIBIKIWA NA CHOMBO SAFARINI

Wakazi wa Mwamgongo na vijiji jirani, kaskazini mwa Kigoma, hutegemea ziwa kufika mjini. Injini ya boti ikizimika, hakuna basi la kukimbilia.

Mfano: Karani wa chama cha msingi ametakiwa na meneja wake kufika Kigoma saa 4 asubuhi, akiwa na daftari la fedha na stakabadhi za mauzo ya mawese. Mkaguzi anayasubiri, na bila ukaguzi huo maombi ya mkopo ya wanachama hayataendelea. Saa 1:30 injini inazimika karibu na Mtanga, na boti inasogezwa ufukweni kwa makasia.

Kosa la kwanza ni kunyamaza kwa matumaini kwamba injini itawaka. Kosa la pili ni kusema, "Niko njiani, nafika sasa hivi." Meneja akisikia hivyo atamzuia mkaguzi bure, na chama kingine ambacho kingetangulizwa kitapoteza nafasi.

Karani mwangalifu kwanza humwuliza nahodha: kilichoharibika ni nini, na je, kipuri kimo botini? Plagi iliyochafuka husafishwa papo hapo. Propela iliyovunjika bila akiba haina saa ya kupona. Hapa ni propela, na boti nyingine inatazamiwa kupita saa 3. Ndipo karani anapojumlisha: safari hadi Kibirizi, saa moja na nusu, kushuka na kupanda pikipiki hadi ofisini, nusu saa. Jumla ni saa 5. Kwa kuwa boti husimama kupakia, huongeza nusu saa nyingine. Kisha hupiga simu mara moja:

"Shikamoo, ndugu Meneja. Propela ya boti yetu imevunjika, tuko Mtanga. Nasubiri boti ya saa 3. Nitafika saa 5:30. Mtunza hazina yuko mjini na taarifa ya benki. Naomba mkaguzi aanze na hiyo, au atangulize chama kingine. Saa 3:30 nitakuarifu tena. Ikiwa boti haijapita, naomba tupange kesho asubuhi."

Simu ikikatika, ujumbe wa maandishi mara nyingi hupita. Ahadi ya saa 3:30 itimizwe hata kama hakuna jipya, kwa maana meneja atapanga kazi kwa kuitegemea.

Hata hivyo, saa iliyotajwa isimfanye karani apande boti iliyojaa kupita kiasi, wala asimkabidhi abiria mwingine vitabu vya chama ili vitangulie. Kuchelewa kwa ukaguzi hurekebishika. Daftari lililopotea ziwani halirudi.

Maswali ya kujadili:
1. Kwa nini karani alitaja saa 5:30, wala si saa 5?
2. Katika chama chenu, ni kazi gani inayoweza kuanza kabla karani hajafika?