Kreatini na mafuta ya damu

Swali: Msomaji wa Nsambya, Kampala, mwenye afya njema na anayenyanyua vyuma, anauliza kama unga wa kreatini utampunguzia kolesteroli.

Jibu: Asiutegemee. Tumaini lilianzia kwenye jaribio la Earnest na wenzake, 1996. Trigliseridi za waliotumia kreatini zilishuka kwa karibu robo, lakini washiriki, 34 tu, walianza na kolesteroli ya juu.

Kwa wenye afya mambo ni tofauti. Mwaka 2008, Gualano na wenzake wa Brazili waliwapa wanaume gramu 10 kwa siku kwa miezi 3, wengine unga usio na dawa, wote wakifanya mazoezi ya aerobiki. Mafuta ya damu hayakutofautiana kati ya makundi.

Msomaji akianza kreatini na kubadilisha chakula wakati huohuo, vipimo vyake havitaonyesha kilicholeta badiliko.