Tangazo la Mechi ya Mchango: Nini Kitangulie?



Tuseme tunaandaa mechi katika uwanja wa Buluk, hapa Juba, kumchangia mwenzetu aliyekatwa vidole na mashine. Mpita njia hulitazama bango kwa kitambo kidogo tu. Basi herufi kubwa kabisa, zinazosomeka kutoka ng'ambo ya barabara, ziwe: MECHI YA KUMCHANGIA MAJERUHI. Chini yake siku, saa na uwanja. Kisha kiingilio, na nani atakayepokea fedha, maana mtu hutoa pauni yake akijua inakokwenda. Wafadhili wakae chini kabisa. Wao hupenda kuwa juu, lakini majina yao hayamleti mtu uwanjani.

Saa ndiyo inayopotosha. Msemaji wa Kiswahili husema saa kumi, wa Kiarabu cha Juba husema saa nne, na wote wana maana moja. Tena, tangu Februari 2021, saa ya Sudan Kusini iko nyuma ya ile ya Kenya na Uganda kwa saa moja. Andikeni: "Saa 10 alasiri, yaani 16:00, saa ya Juba."

Kwenye WhatsApp msitume picha ya bango peke yake. Wengine hawafungui picha kwa kuogopa kumaliza bando. Wekeni na maneno, na siku, saa na uwanja viwe mstari wa kwanza, kwa sababu ujumbe mrefu hukatwa na yaliyofichwa nyuma ya "Read more" wengi hawayafikii. Tarehe iwe na mwaka, kwani ujumbe huendelea kusambazwa hata mechi ikiwa imekwisha.